Namna ya Kuzuia WhatsApp Kujaza Hifadhi ya Simu: Mipangilio ya Kupakua Picha, Video na Nyaraka

Na Mwandishi Wetu

Mwananchi aliyeomba namba ya kumbukumbu ya malipo anaweza kuusubiri ujumbe mfupi siku nzima asiupate, ilhali mtandao upo, laini iko hewani na namba ya simu aliyoijaza kwenye fomu ni sahihi. Zipo sababu kadhaa zinazoweza kuleta hali hiyo, na mojawapo haikumbukwi kwa urahisi: hifadhi ya ndani ya simu yake, ambayo wengi huiita memori, imejaa. Simu ya Android inapokaribia kuishiwa nafasi huonesha taarifa isemayo "Storage space running out", na chini yake "Some system functions may not work", yaani baadhi ya kazi za mfumo huenda zisifanyike. Kupokea ujumbe mfupi wa maandishi ni miongoni mwa kazi zinazoweza kusimama pale nafasi inapokwisha kabisa. Kamera nayo hukataa kuhifadhi picha, na programu hushindwa kusasishwa.

Mara nyingi kinachokuwa kimejaza nafasi hiyo si picha alizozipiga mwenye simu, bali zile alizotumiwa. Ni video, picha na nyaraka zilizoingia kupitia makundi ya WhatsApp, nyingi kati ya hizo hakuzifungua hata mara moja. Makala haya yanafafanua jinsi faili hizo zinavyoingia, mipangilio inayozizuia, na namna ya kuondoa zilizokwisha ingia bila kupoteza nyaraka muhimu. Majina ya vitufe yametolewa kama yanavyosomeka katika simu iliyowekwa lugha ya Kiingereza. Kwa anayetumia simu yake kwa Kiswahili, mpangilio wa vitufe ni uleule, ila majina yatakuwa kwa Kiswahili.

Jinsi faili zinavyoingia bila kuitwa

Picha au video inapotumwa kwenye kundi, simu ya mpokeaji hupata kwanza taarifa kwamba faili hiyo ipo, pamoja na taswira yake ndogo yenye ukungu. Faili yenyewe hubaki kwenye seva ikiwa imefungwa kwa usimbaji. Hatua ya pili, ya kuishusha faili hiyo hadi ndani ya simu, inaweza kufanyika kwa njia mbili: mwenye simu anabonyeza taswira ile mwenyewe, au programu inaipakua yenyewe bila kumuuliza. Njia hii ya pili ndiyo huitwa upakuaji wa moja kwa moja, na ndiyo inayojaza simu.

Katika simu ya Android faili zinazopakuliwa huwekwa kwenye folda maalumu, ambayo katika matoleo ya sasa hupatikana kwa njia hii:

```
Android/media/com.whatsapp/WhatsApp/Media
```

Ndani yake mna folda ndogo za picha, video, sauti, nyaraka na ujumbe wa sauti. Ndani ya baadhi ya folda hizo mna nyingine iitwayo "Sent", yenye nakala za faili ambazo mwenye simu amezituma kwa wengine. Hiyo huwashangaza wengi. Ukipiga video kwa kamera yako kisha ukaituma, simu hubaki na video ya awali pamoja na nakala yake iliyopunguzwa ukubwa kwa ajili ya kutumwa. Anayetuma kwa wingi hujaza simu yake mwenyewe sawasawa na anayepokea.

Milango mitatu

Mipangilio inayohusika iko mahali pamoja. Fungua WhatsApp, bonyeza vitone vitatu vilivyo juu upande wa kulia, chagua "Settings", kisha "Storage and data". Chini ya kichwa "Media auto-download" utaona mistari mitatu: "When using mobile data", yaani simu inapotumia bando, "When connected on Wi-Fi", yaani inapounganishwa na Wi-Fi, na "When roaming", yaani inapotumia mtandao wa nchi nyingine. Ukibonyeza mstari wowote, hufunguka visanduku vinne vya kuchagua: "Photos" kwa picha, "Audio" kwa sauti, "Videos" kwa video na "Documents" kwa nyaraka. Kisanduku chenye alama ya vema maana yake faili za aina hiyo zitaingia zenyewe.

Programu inaposakinishwa kwa mara ya kwanza huja ikiwa na chaguo lake. Kwenye bando huruhusu picha peke yake. Kwenye mtandao wa nchi nyingine hairuhusu chochote. Kwenye Wi-Fi huruhusu aina zote nne.

Tatizo kubwa liko kwenye mlango huo wa Wi-Fi. Mwananchi aliyewahi kuona bando lake likiisha haraka huingia kwenye mipangilio, akaondoa alama zote katika mstari wa bando, akaridhika kwamba ameshazima upakuaji. Siku inayofuata anafika kazini au chuoni, simu inajiunga na Wi-Fi, na video zote zilizokuwa zikisubiri tangu jana yake zinaingia kwa mkupuo ikiwa mfukoni. Bando limeokoka, hifadhi haikuokoka. Mpangilio wa bando hulinda fedha. Mpangilio wa Wi-Fi ndio unaolinda nafasi, na mtu mwenye simu ndogo anapaswa kuanza na huo.

Jambo jingine linalofaa kujulikana ni kwamba simu haitofautishi Wi-Fi ya ofisi na ile inayotoka kwenye simu ya mtu mwingine. Ukimwomba jirani akurushie intaneti kutoka kwenye simu yake, simu yako itaona kuwa iko kwenye Wi-Fi na itafuata kanuni ya Wi-Fi. Kwa mwenye mpangilio ambao haujaguswa, bando la jirani huondoka na video za makundi yasiyomhusu, na wawili hao hubaki wakitazamana bila kujua lililotokea.

Mstari wa tatu uachwe kama ulivyokuja, bila alama yoyote. Wakazi wa miji ya mpakani kama Namanga na Tunduma wanajua jinsi simu inavyoweza kushika mtandao wa upande wa pili bila mwenyewe kuvuka.

Ujumbe wa sauti hauhusiki na visanduku hivyo. Chini ya mistari ile mitatu programu yenyewe inaeleza kuwa ujumbe wa sauti hupakuliwa wenyewe daima, na hakuna kitufe cha kuuzima. Hilo lisimtie mtu wasiwasi, kwa kuwa dakika moja ya ujumbe wa sauti kwa kawaida haifiki hata megabaiti moja. Kisanduku cha "Audio" kinahusu faili nyingine za sauti, kama vile nyimbo, mahubiri na mawaidha yanayosambazwa yakiwa yamerekodiwa kwa saa nzima.

Mfano wa simu ya gigabaiti 32

Tuchukue mfano wa mtendaji wa kijiji mwenye simu ya gigabaiti 32. Takwimu zinazofuata ni za kukadiria, lakini kila msomaji anaweza kuweka za kwake badala yake. Mfumo wa simu na programu zilizokuja nao vinachukua gigabaiti 14. Programu alizoziongeza mwenyewe zinachukua 4, na picha alizopiga kwa kamera zinachukua 2. Amebakiwa na gigabaiti 12.

Yumo kwenye makundi 11: la watendaji wa kata, la halmashauri, la shule mbili, la kikundi cha kuweka na kukopa, la ukoo, la waliosoma pamoja, na mengine ya misiba na harusi, likiwemo la kamati ya harusi moja ambayo maharusi wake sasa wana watoto wawili. Kwa siku anapokea picha 100, kila moja ikiwa na wastani wa kilobaiti 150, ambazo jumla yake ni megabaiti 15. Anapokea video 12 zenye wastani wa megabaiti 6, yaani megabaiti 72. Nyaraka 4 za megabaiti 2 zinaongeza 8, na ujumbe wa sauti unaongeza 5. Jumla ni megabaiti 100 kwa siku.

Kwa kasi hiyo gigabaiti 12 zinakwisha baada ya siku 120, yaani miezi minne. Simu iliyonunuliwa Januari inaanza kulalamika Mei. Mwenyewe atasema simu ni mbovu, au kwamba muuzaji alimdanganya.

Angalia sasa mchango wa kila aina. Picha ni nyingi kuliko kitu kingine chochote, mara nane zaidi ya video kwa idadi, lakini hazifiki hata sehemu moja ya tano ya uzito. Video 12 peke yake ni zaidi ya theluthi mbili. Mtendaji huyu hahitaji kufunga kila kitu. Akiondoa alama moja tu ya "Videos" kwenye mstari wa Wi-Fi, na kuhakikisha haipo kwenye mstari wa bando, kinachoingia chenyewe kinashuka hadi megabaiti 28 kwa siku. Tuseme kila siku anafungua kwa hiari yake video mbili zinazomhusu, za megabaiti 12 kwa pamoja. Jumla inakuwa 40, na nafasi ileile iliyokuwa ikiisha kwa miezi minne sasa inadumu siku 300, karibu miezi kumi.

Picha anaweza kuziacha. Taarifa ya kikao iliyopigwa picha ukutani, orodha ya majina au risiti ni vitu anavyovihitaji mara moja, na gharama yake kwenye hifadhi ni ndogo. Kuhusu nyaraka, uamuzi unategemea kazi ya mtu. Mtendaji anayepokea barua za halmashauri kwa mfumo wa PDF hana budi kuziacha ziingie anapokuwa kwenye Wi-Fi ya ofisi, ili azisome baadaye akiwa mahali pasipo na mtandao. Mtu ambaye makundi yake yanasambaza vitabu vizima na filamu zilizotumwa kama nyaraka afunge, kwa sababu WhatsApp huruhusu faili iliyotumwa kama waraka kufikia gigabaiti 2. Faili moja ya ukubwa huo ingemmalizia mtendaji wetu sehemu ya sita ya nafasi yote aliyobakiwa nayo.

Unawezaje kujua kuwa mpangilio umeshika? Subiri video inayofuata kwenye kundi lolote. Ikitokea ikiwa na ukungu, na juu yake pana mshale unaoelekea chini pamoja na ukubwa wake, kwa mfano "6.2 MB", basi mlango umefungwa na faili bado iko nje. Ikifunguka mara moja bila mshale, imeshaingia. Ukubwa ulioandikwa kando ya mshale ni wa kuutumia: video ya megabaiti 2 na ya megabaiti 40 zinaweza kuwa na taswira zinazofanana kabisa.

Ikumbukwe kwamba faili ambayo haijapakuliwa haikai kwenye seva milele. Waraka unaohusu ajira, mkopo au usajili usiachwe ukisubiri kwa majuma kadhaa kwa kisingizio cha kuokoa nafasi, kwa kuwa ukiondolewa kwenye seva, njia pekee inayobaki ni kumwomba aliyeutuma autume tena.

Aidha, mwenye programu ya WhatsApp ya kawaida na ile ya biashara katika simu moja ajue kuwa hizo ni programu mbili zenye mipangilio miwili na folda mbili tofauti. Kufunga mlango wa moja hakufungi wa pili, na video iliyotumwa kwenye makundi ya programu zote mbili huhifadhiwa mara mbili. Anayenunua simu mpya au kuisakinisha programu upya naye ahakiki visanduku vyake tena.

Kwa watumiaji wa iPhone utaratibu ni huohuo ila umepangwa kwa namna nyingine. Chini ya "Storage and Data", kila aina ya faili ina mstari wake, na ukiubonyeza unachagua "Never" ili isipakuliwe kamwe, "Wi-Fi", au "Wi-Fi and Cellular" ili ipakuliwe hata kwa bando. Kwa simu yenye nafasi ndogo, video iwekwe "Never".

Kuficha si kufuta

Upo mpangilio mwingine unaochanganywa sana na huu. Katika "Settings", sehemu ya "Chats", kuna swichi iitwayo "Media visibility". Ikiwashwa, picha na video mpya za WhatsApp huonekana kwenye matunzio ya picha ya simu pamoja na picha za kamera. Ikizimwa, hazionekani huko. Wengi huizima, wakaona matunzio yao yamekuwa safi, wakaamini kuwa wamepunguza mzigo.

Katika simu ya Android hawajapunguza hata kilobaiti moja. Faili ni moja, iko kwenye folda ileile ya WhatsApp. Matunzio yalikuwa yakiionesha tu. Kuzima swichi hiyo ni kama kushusha pazia mbele ya stoo iliyojaa. Tena huhusu faili zitakazoingia baada ya hapo, si za zamani. Ina manufaa yake, hasa kwa mtu anayempa mtoto simu aangalie picha za familia na asingependa akutane na picha za ajali zilizosambazwa kwenye makundi, lakini manufaa hayo si ya nafasi.

Kwenye iPhone hali ni tofauti. Huko swichi inayofanana na hiyo huitwa "Save to Photos", na katika matoleo ya nyuma iliitwa "Save to Camera Roll". Ikiwashwa, hutengenezwa nakala ya pili ya kila picha na video ndani ya matunzio ya simu, mbali na ile iliyo ndani ya WhatsApp. Mtumiaji wa iPhone anayeizima anaokoa nafasi kweli, na akifuta picha upande mmoja ajue kuwa ya upande wa pili ingalipo.

Kuondoa zilizokwisha ingia

Mipangilio iliyoelezwa hapo juu huzuia faili zijazo. Haigusi hata moja kati ya zilizomo. Mwenye simu iliyojaa leo anahitaji pia kufanya usafi, na mahali pa kuufanyia ni ndani ya WhatsApp yenyewe: "Settings", kisha "Storage and data", kisha "Manage storage".

Ukurasa huo huanza kwa kuonesha kiasi cha nafasi kilichochukuliwa na faili za WhatsApp na kiasi kilichobaki huru katika simu nzima. Chini yake kuna makusanyo mawili. La kwanza ni "Larger than 5 MB", lenye faili zote zinazozidi megabaiti 5. La pili ni "Forwarded many times", lenye faili zilizosambazwa kutoka mtu hadi mtu mara nyingi. Kisha inafuata orodha ya mazungumzo na makundi yote, kuanzia lililochukua nafasi kubwa zaidi. Orodha hiyo ina mafunzo. Mara nyingi kundi linaloongoza si lile ambalo mtu angelitaja.

Anza na "Larger than 5 MB". Mtendaji wetu wa mfano, baada ya miezi minne, atakuwa na zaidi ya gigabaiti 8 za video, na sehemu kubwa ya uzito huo itakuwa imekusanyika humo katika faili chache kuliko anavyodhani. Kuzipitia faili mia kadhaa kubwa ni kazi ya nusu saa. Kuzipitia picha 12,000 alizopokea katika muda huohuo ni kazi ya siku nyingi, na jumla yake haitafika gigabaiti 2. Kitufe cha kupanga kilicho juu huwezesha faili kupangwa kuanzia kubwa zaidi. Bonyeza faili kwa kuishikilia, chagua nyingine unazotaka ziondoke, kisha bonyeza alama ya pipa.

Kabla ya kubonyeza "kuchagua zote", tazama kwanza kama kuna nyaraka katikati ya video. Waraka wenye kurasa nyingi uliotengenezwa kwa kupiga picha kurasa zake, kama vile nakala ya vyeti au hati ya kiwanja, huzidi megabaiti 5 kwa urahisi na utakuwa umeketi humo pamoja na vichekesho. Faili ya namna hiyo ihamishiwe kwanza mahali pengine: ijitumie kwa barua pepe, iweke kwenye kompyuta, au inakili kwenye kadi ya kumbukumbu kwa kutumia programu ya faili ya simu. Hakikisha imefunguka huko ilikopelekwa, ndipo uifute. WhatsApp haina kitufe cha kuhamishia folda yake yote kwenye kadi ya kumbukumbu, hivyo kununua kadi peke yake hakutatui tatizo.

Pale programu inapouliza kama ifute pia nakala nyingine za faili hiyohiyo, kubali endapo huna haja nayo. Video iliyotumwa kwenye makundi manne inaweza kuonekana mara nne, na nafasi yake hairudi hadi nakala zote zifutwe.

Kuna wanaofuta kwa kupitia matunzio ya picha ya simu badala ya hapa. Si kosa, lakini matunzio mengi hayafuti papo hapo. Huhamishia faili kwenye pipa la taka, ambako hukaa kwa siku 30 au zaidi ikiendelea kuchukua nafasi ileile. Mtu anafuta video 50, anatazama nafasi iliyobaki, anakuta namba haijasogea, anakata tamaa. Pipa hilo lifunguliwe na limwagwe.

Makundi yaliyokwisha kazi yake yana hesabu yake ya peke yake. Kujitoa kwenye kundi huzuia faili mpya tu. Za zamani hubaki. Baada ya kujitoa, futa kundi lenyewe kwenye orodha ya mazungumzo, na endapo kitatokea kisanduku kinachouliza kama faili zilizopokelewa humo nazo zifutwe kwenye simu, kiwekewe alama. Kama bado unataka kumbukumbu za harusi ile, ndizo za kuhamisha kabla.

Vitufe viwili vinavyokaa pamoja

Wapo wanaokwenda kwenye mipangilio ya simu yenyewe badala ya ya WhatsApp, wakafungua orodha ya programu, wakachagua WhatsApp na kisha sehemu ya hifadhi. Humo kuna vitufe viwili vilivyo karibu. "Clear cache" huondoa faili za muda ambazo programu inaweza kuzitengeneza tena. Hakina madhara, ingawa nafasi kinayorudisha huwa ndogo. Cha pili, ambacho kulingana na aina ya simu huitwa "Clear data" au "Clear storage", huirudisha programu katika hali ya siku iliposakinishwa. Mtumiaji hutolewa nje, hutakiwa kusajili namba yake upya, na mazungumzo yote ambayo hayakuwa na nakala ya akiba hupotea.

Kitufe hicho ndicho kinachoonesha namba ndogo ikishuka haraka zaidi, na ndiyo maana huwashawishi watu wenye haraka. Katibu wa kikundi ambaye kumbukumbu za michango ya wanachama ziko kwenye mazungumzo ya WhatsApp tu asikiguse. Mtu anayempelekea fundi simu yake ili "apunguziwe memori" naye amwulize mapema atakachobonyeza.

Nakala ya akiba na akaunti ya Google

Akiba ya mazungumzo ya simu za Android hutunzwa kwenye akaunti ya Google ya mtumiaji. Kwa miaka kadhaa akiba hiyo haikuhesabiwa katika nafasi ya bure ya gigabaiti 15 inayotolewa na Google, lakini mabadiliko yaliyoanza kutekelezwa kwa watumiaji mwaka 2024 yameifanya ihesabiwe. Nafasi hiyo hutumiwa pia na barua pepe ya Gmail. Ikijaa, barua pepe mpya haziingii, na mwombaji wa ajira anayesubiri wito wa usaili kwa barua pepe anajikuta katika hali ileile ya yule aliyesubiri namba ya malipo, safari hii simu yake ikiwa na nafasi tele.

Kwa sababu hiyo, katika "Settings", sehemu ya "Chats" na kisha "Chat backup", kuna swichi iitwayo "Include videos". Ikizimwa, maandishi na picha huendelea kutunzwa na video huachwa nje. Kwa mtendaji wetu, ambaye uzito wake mkubwa ulikuwa kwenye video, swichi hiyo ndiyo inayoamua kama akiba yake itakuwa ya takriban gigabaiti 12 au ya zaidi kidogo ya 3. Ukubwa wa akiba ya mwisho, siku na saa ilipofanyika, vyote huandikwa juu ya ukurasa huohuo, na tarehe hiyo ndiyo ya kutazamwa kabla ya mtu kuanza kufuta chochote.